Naomba ushauri: vyeo au herufi za majina katika taarifa ya ghala

Ndugu wanachama, habari za kazi. Nimepewa jukumu la kuandika taarifa ya upotevu wa dawa katika ghala la kituo chetu hapa Kigoma, itakayosomwa na watumishi wote, na nimeelekezwa nisitaje majina kamili. Nikiandika "mtunza ghala", kila msomaji atamjua, kwa kuwa tunaye mmoja tu, nikiandika "J.M.", wapo wawili wenye herufi hizo, na asiyehusika anaweza kubebeshwa lawama.

Nafikiria kutumia "Mtumishi A" na "Mtumishi B", huku orodha ya majina halisi ikibaki kwa mkuu wa kituo. Hata hivyo, sentensi kama "Mtumishi A alipokea mzigo usiku wa tarehe 14" bado inamfichua, maana ratiba ya zamu imebandikwa ukutani (na kwetu ratiba husomwa kuliko waraka wowote).

Je, niandike "katikati ya mwezi", au niandae matoleo mawili, moja kamili kwa uongozi na jingine la watumishi, linaloeleza kasoro za utaratibu pekee? Naegemea wazo la matoleo mawili, ila sijui wakaguzi hulipokeaje.