Kuku mzima kwenye sufuria: rangi napata, paja haliivi

Habari zenu wapishi. Sina oveni, natumia jiko la gesi na sufuria nzito yenye mfuniko. Jumapili nilipika kuku wa kisasa wa kilo 1 na robo. Nilimfuta maji kwa kitambaa, nikampaka chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, kisha nikamgeuzageuza kwenye vijiko 2 vya mafuta kama dakika 15 hadi akawa wa kahawia. Kitunguu saumu kiliungua, kwa hiyo safari ijayo nitakiweka tumboni. Nikapunguza moto, nikafunika dakika 40, kifua kikiwa juu.

Kifua kiliiva vizuri, ila nilipochoma paja karibu na kiungo, maji yalitoka na wekundu. Nikamrudisha dakika 20. Paja likaiva, lakini kifua kikakauka, na mvuke ukawa umelainisha ngozi yote.

Naomba ushauri: nimlaze ubavu, paja chini, dakika 20 kila upande? Na ngozi je, niikaushe mwishoni bila mfuniko, au nianze kumwivisha ndipo nimpe rangi? Mafuta siwezi kuongeza, mama amekatazwa na daktari.