Wameanika fomu yangu ya mkopo kwenye picha ya keki, kisha wakaifunika kwa wino unaoonyesha

Wanajukwaa, salaam. Nimesubiri siku mbili kabla ya kuandika ili nisitumie maneno nitakayoyajutia, lakini hasira bado ipo.

Nina mkopo katika taasisi moja ya fedha hapa Dar es Salaam, ambayo sitaitaja. Ijumaa iliyopita walimuaga mfanyakazi wao anayestaafu, wakapiga picha wakiwa wamejipanga nyuma ya meza ya afisa mikopo, keki ikiwa katikati. Kushoto mwa keki imelala fomu yangu. Nina hakika ni yangu, kwa sababu naujua mwandiko wangu na nalijua doa la chai lililo pembeni, ambalo nililiacha mwenyewe siku ya kuijaza. Ina jina langu kamili, namba ya simu, namba ya NIDA, mtaa ninaoishi, namba ya nyumba na jina la mdhamini wangu. Nyuma ya bega la mstaafu iko kompyuta mpakato iliyoachwa wazi, na kwenye skrini yake kuna jedwali la wateja waliochelewesha marejesho, majina upande mmoja na kiasi wanachodaiwa upande wa pili, tena limekuzwa kwa sababu afisa mwenyewe macho yake yamechoka.

Picha hiyo waliiweka Instagram, na pia wakaituma kwenye kundi la WhatsApp la wateja, kama waraka na si kama picha ya kawaida, eti isipoteze ubora. Shemeji yangu yumo kwenye kundi hilo. Jumamosi asubuhi alinipigia simu kuniuliza, kwa upole unaoudhi, kama mambo ya nyumbani yanakwenda sawa. Mkopo huo sikuwa nimemweleza mke wangu. Najua hilo ni kosa langu, na nimekwisha kulilipia, lakini lilikuwa langu kulisema.

Niliwapigia simu, wakaomba radhi, na baada ya saa moja wakatuma picha mpya ambayo fomu na skrini vimepakwa weusi. Kwa macho ilionekana kazi imefanyika. Kilichonitia shaka ni kwamba kingo za weusi ule zilikuwa na michirizi, kama mtu aliyepaka rangi ukutani mara mbili tatu kwa brashi kavu. Nikaifungua katika sehemu ya kuhariri picha kwenye simu yangu, nikapandisha mwangaza hadi mwisho, nikainua vivuli, nikapunguza utofauti wa rangi. Namba yangu ya simu ikajitokeza yote, tarakimu kwa tarakimu, na jina la mdhamini likafuata.

Niliporudi kwao wakabadilisha tena, safari hii wakaweka vigae vya mraba, kama vile vinavyowekwa kwenye nyuso za watuhumiwa katika taarifa ya habari. Wameniambia kwamba suala limefungwa. Nauliza wenye ujuzi: limefungwa kweli? Na je, ni nani katika ofisi ya watu wazima anayepiga picha ya kutangazwa hadharani juu ya meza yenye mafaili ya wateja?

Kinda wa Ilala:
Pole sana, mkuu. Ila nadhani tusikuze jambo. Mitandao ya kijamii huipunguza picha sana, kwa hiyo maandishi madogo ya kwenye karatasi hayasomeki na mtu yeyote. Mimi hupiga picha ofisini kila wiki na sijawahi kuona tatizo.

Bi Mkubwa wa Studio:
Kinda, una ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyomuumiza kaka yetu. Nimekuwa nikisafisha picha za watu kwa miaka mingi, za harusi na za ofisi, kwa hiyo acheni nieleze taratibu.

Tuseme picha imechukua upana wa mita mbili pale mezani. Instagram huionyesha kwa upana wa takriban pikseli 1080, maana yake kila milimita ya meza inapata nusu pikseli, na tarakimu iliyochapwa yenye urefu wa milimita tatu haifikishi hata pikseli mbili. Hapo hakuna cha kusoma. Lakini simu yenye kamera ya megapikseli 50 hutoa picha yenye upana wa pikseli zaidi ya 8000. Meza ni ileile, ila milimita moja sasa inapata pikseli nne, na tarakimu ileile ina pikseli 12. Hiyo inasomeka bila miwani. Herufi kubwa za kalamu, kama tunazojazia fomu, zinasomeka zaidi. Ukituma picha WhatsApp kama waraka, ndiyo hiyo ya pikseli 8000 inayokwenda. Na skrini iliyokuzwa ni habari nyingine kabisa, kwa sababu maandishi yake yanaweza kusomeka hata kwenye picha iliyopunguzwa.

Sasa ule weusi. Simu nyingi zina kalamu kadhaa za kuchorea juu ya picha, na ile pana, ambayo wengi huikimbilia kwa sababu inafunika haraka, ni ya kukolezea maandishi. Wino wake umetengenezwa upitishe kilicho chini. Ukipita mara tatu macho yako yanaona weusi mtupu, lakini pikseli zilizokuwa na maandishi bado zinatofautiana kidogo na jirani zake, na ukipandisha mwangaza tofauti hiyo inapanuka hadi inasomeka. Ndiyo michirizi uliyoiona, kaka. Jaribio ulilolifanya ndilo hasa ambalo wao walipaswa kulifanya kabla ya kutuma.

Vigae ni bora kuliko wino ule, ila havijafuta kitu, vimechukua wastani tu. Kwa maandishi yaliyonakiliwa moja kwa moja kutoka kwenye skrini, yenye fonti inayojulikana, mtu anaweza kuandika tarakimu zote kumi, akazigeuza vigae vya ukubwa uleule, kisha akalinganisha ipi inafanana. Kwa karatasi iliyolala kimshazari juu ya meza, tena ya mwandiko wa mkono, kazi hiyo ni ngumu sana, na nisingependa kukutisha bure. Ila kumbuka kwamba namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, kuanzia mwaka. Anayekufahamu ana nane tayari.

Kufuta ni kuziondoa pikseli zile na kuweka nyingine zisizojua kilichokuwapo. Chora umbo la mstatili lililojazwa rangi moja, uzito wa rangi asilimia 100, kisha hifadhi kama JPEG mpya. Mimi kwenye kompyuta hutumia ImageMagick:

```
magick keki.jpg -auto-orient -fill gray -draw "rectangle 610,2890 1790,3720" -strip keki-safi.jpg
```

Namba zile nne ni kona ya juu kushoto na kona ya chini kulia ya eneo la kufunika. `-auto-orient` inatangulia kwa sababu picha nyingi za simu hugeuzwa kwa alama iliyo ndani ya faili, na `-strip` huiondoa alama hiyo pamoja na taarifa za mahali picha ilipopigwa. Ukisahau, picha italala ubavu. Asiyetaka mstatili wa kijivu karibu na keki anaweza kunakili kipande cha meza tupu na kukibandika juu ya fomu. Fomu inapotea, na mtazamaji hajui kama ilikuwapo.

Kisha fungua faili jipya, likuze hadi asilimia 100, ulipitie kipande kwa kipande, hasa vioo. Nimewahi kuifuta skrini vizuri kabisa, kumbe ilikuwa inajionyesha kwenye dirisha la nyuma.

Msafiri wa Tanga:
Dada, samahani, naomba kuingilia. Mimi nina picha ya duka langu ambayo mpiga picha ameweka jina lake kubwa katikati. Je, njia hiyo ya kubandika kipande inaweza kuliondoa?

Bi Mkubwa wa Studio:
Mlipe mpiga picha, ndugu yangu. Ataliondoa mwenyewe.

Katibu Muhtasi:
Mimi ndiye ninayepewa kazi hizi ofisini kwetu, na naomba mtuelewe kidogo. Mkubwa anataka picha iwe hewani ndani ya dakika tano, wageni wakiwa bado wanakula. Hakuna anayenipa kompyuta yenye programu hizo. Nilichoamua ni kwamba kabla ya picha yoyote napita mezani, nageuza karatasi zote zitazame chini, nafunga laptopu na kufuta ubao. Inachukua dakika moja, na wananicheka. Lakini namuuliza mleta uzi: wewe unataka wakufanyie nini zaidi, ikiwa wameshaondoa picha?

Mwanasheria Mchanga:
Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Ningekushauri uandike barua kwao kwanza, uhifadhi nakala ya matoleo yote matatu ya picha, kisha uende Tume. Ubishi utakaokuja ni kama taarifa iliyoonekana nyuma ya keki kwa bahati mbaya inahesabiwa sawa na taarifa iliyotolewa kwa makusudi. Mimi nasema kwako hakuna tofauti. Wakili wao atasema ipo.

Kinda wa Ilala:
Nimerudi nyuma kuangalia picha zangu za mwaka jana. Nimefuta mbili. Lakini bado nasema, nani ana muda wa kukuza picha ya keki?

Bi Mkubwa wa Studio:
Mwenye sababu. Julai 2017 shirika la habari la AP lilipiga picha ndani ya ofisi ya dharura ya jimbo la Hawaii, na kwenye kompyuta moja palibandikwa karatasi yenye nywila. Picha ikakaa kimya miezi sita. Januari 2018 ofisi hiyohiyo ikatoa tahadhari ya uongo ya kombora, watu wakazichimbua picha zake za zamani, na karatasi ile ikasambaa dunia nzima.

Mleta uzi:
Nawashukuru, hasa Bi Mkubwa. Katibu Muhtasi, dada yangu, sikulaumu wewe, na laiti ofisi ile ingekuwa na mtu anayechekwa kama unavyochekwa. Ninachotaka zaidi ni waandike kwenye kundi kwamba kila aliyepakua faili la kwanza alifute, nao wawapigie simu wale waliomo kwenye jedwali, kwa sababu wengi wao hawajui kabisa kwamba walionekana. Nimehesabu majina 11 yanayosomeka, na wawili nawafahamu. Leo mchana nimempigia meneja. Amesema kuwapigia watu hao simu kutazua taharuki isiyo ya lazima.

Faili la kwanza bado lipo kwenye kundi. Aliyelituma amelifuta kwenye simu yake tu, akasahau kuchagua lifutwe kwa wote.