Naomba ushauri: video ya «Konstantino alichagua vitabu vya Biblia» imejaa kwenye simu za wanafunzi

Mwalimu_Ndosho (Goma)
Jambo ndugu walimu. Nafundisha dini darasa la tano la sekondari, wanafunzi 54: Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu wachache. Kuna video inazunguka inayosema: «Mwaka 325, kule Nikea, mfalme Konstantino alichagua vitabu vya Biblia, akachoma vingine, ndiyo maana Henoko hayumo, kwa hiyo Biblia ni kazi ya watu.» Nikisema ni uongo, wananiuliza nimejuaje. Mega ni ghali, siwezi kuwaambia watafute wenyewe. Nina saa moja tu.

Elie_Himbi
Nikea hawakuchagua vitabu. Vilipangwa na sinodi ya Karthago mwaka 397. Waambie hivyo, yaishe.

Mzee_Katuba (Lubumbashi)
Elie, Karthago kweli ilitoa orodha, ila ilikuwa sinodi ya maaskofu wa Afrika Kaskazini, haikuamulia Wakristo wote. Na miaka thelathini kabla yake, mwaka 367, Athanasi wa Aleksandria alikwisha kutaja vitabu 27 vya Agano Jipya katika barua yake ya Pasaka. Ukimpa mwanafunzi tarehe moja badala ya nyingine, umempa video nyingine tu.

Mwalimu, usijibu video nzima kwa mkupuo. Andika sentensi ile ubaoni neno kwa neno, kisha waikate vipande. Utapata vinne: Konstantino aliitisha mtaguso wa maaskofu kule Nikea mwaka 325; mtaguso ulichagua vitabu; vingine vilichomwa; Biblia ni kazi ya watu. Kwa kila kipande waulize: tukitaka kuhakikisha, tufungue karatasi gani?

Cha kwanza ni kweli, na hapo ndipo nguvu ya video ilipo: ukweli mmoja unabeba mengine mgongoni. Kwa cha pili, karatasi ipo. Mtaguso uliacha kanuni 20, fupi fupi. Zichapishe mara moja, ugawe nakala moja kwa benchi. Watasoma juu ya mapadri wanaokopesha kwa riba (kanuni ya 17), juu ya kusali wima siku ya Jumapili (ya 20). Orodha ya vitabu hawataiona. Waache watafute wenyewe, dakika kumi zinatosha. Ugomvi mkubwa wa Nikea ulikuwa juu ya Ario, aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa.

Cha tatu kina chembe ya kweli: Konstantino aliamuru maandishi ya Ario yachomwe. Hayo hayakuwa vitabu vya Biblia. Cha nne hakina karatasi ya kukipima. Hicho ni cha imani, kiandike upande wa pili wa ubao, na usijifanye kwamba historia imekijibu.

Jiandae pia kwa yule mwanafunzi mjanja: Mtakatifu Yeronimo aliandika kwamba, kwa yanayosomwa, Nikea ilihesabu kitabu cha Yudithi kati ya Maandiko. Wataalamu bado wanabishana alikuwa anataja nini. Mwambie hivyo hivyo.

Mama_Kadutu (Bukavu)
Kwetu kuna video ya moto wa Nyiragongo, eti ni unabii uliotimia mwaka 2021. Kanuni 20 zitanisaidia nini hapo?

Mzee_Katuba
Mama, hapo angalia kwanza picha, unabii baadaye. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji wa Goma hadi ziwani. Ile ya Mei 2021 ilisimama pembeni, upande wa Buhene. Ukiona lava kati ya maduka ya mjini, hiyo si ya 2021. Kisha uliza unabii wenyewe uliwekwa hadharani tarehe gani. Video iliyopandishwa baada ya mlipuko haijatabiri kitu.

Ustadhi_Katindo (Goma)
Naongeza moja. Ukianza na dai linalowaudhi, watadhani unatetea kanisa. Anza na lile wanalolipenda. Kwa Wakristo, Darwin kutubu kitandani: yeye alikufa mwaka 1882, hadithi ikachapishwa 1915 Marekani, na binti yake aliyekuwapo akaikana. Kwetu Waislamu, Armstrong kusikia adhana mwezini akasilimu: mwaka 1983 serikali ya Marekani iliwaandikia mabalozi wake kwamba mwenyewe anakanusha. Mimi nalitaja la kwetu wazi, na vijana wa Kikristo wanaacha kujilinda.

Ila video yenyewe usiionyeshe darasani. Muziki na sauti nzito vinabaki kichwani kuliko kanuni.

Mzee_Katuba
Hapo sikubaliani, Ustadhi. Wanaiona kila siku nyumbani. Bora waione mara moja wakiwa na kalamu mkononi.

Mwalimu_Ndosho
Asanteni. Na Henoko nijibu nini?

Mzee_Katuba
Kwamba kitabu cha Henoko hakikupotea. Wakristo wa Ethiopia wanacho kizima kwa Kigeez, lugha yao ya kale, ndani ya Biblia yao, na barua ya Yuda, aya ya 14, inamtaja. Konstantino angekichoma vipi, nacho kinasomwa Addis hadi leo? Kwa nini makanisa mengine hayakukipokea, hilo lina majibu zaidi ya moja. Litakudai saa nyingine.

Mwalimu_Ndosho
Basi Jumatatu naanza na Darwin, kisha Nikea. Video bado sijaamua.