Naomba ushauri: sukari ya kidole 7.4, ya maabara 5.9

Habari wakuu, naomba msaada wa wenye uzoefu wa maabara.

Mgonjwa hajala tangu usiku. Asubuhi damu ya kidole ilisoma 7.4 mmol/L, na ya mshipa iliyochukuliwa hapohapo ikatoa seramu 5.9. Mikono ilioshwa ikakaushwa, stripu hazijaisha muda, na mashine inaonyesha thamani ya plazma, kwa hiyo hakuna cha kuzidisha. Kiwango cha ISO 15197 kinaruhusu asilimia 15, yaani mwisho kama 6.8.

Nashuku tyubu. Ilikuwa ya kifuniko chekundu, isiyo na floraidi, ikakaa saa 3 kwenye joto la chumba kabla ya kuzungushwa. Seli za damu huendelea kula sukari, takriban asilimia 5 hadi 7 kwa saa, hivyo huenda ilitoka mshipani ikiwa karibu 7. Hapo ndipo penye uzito, maana mpaka wa kisukari ni 7.0.

Je, turudie kwa tyubu ya kijivu, au kwa kuwa floraidi huchelewa kufanya kazi, bora sampuli iwekwe kwenye barafu na plazma itenganishwe ndani ya dakika 30? Na hemoglobini yake ni 8.1 g/dL: upungufu huo unaweza kupandisha namba ya kidole kwa kiasi gani?