Ushauri: mtoto wa kike miaka 7, nywele kipilipili kabisa, nimkate vipi asubuhi za shule ziwe rahisi?

MamaLulu_
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Binti yangu ana miaka 7 nywele zake ni kipilipili haswa, zile zinajisokota mpaka ukiziangalia zikiwa kavu unadhani ni fupi lakini ukivuta unywele mmoja unafika kidevuni. Asubuhi kabla ya shule ni kilio, nikipitisha chanuo anashika kichwa, kisogoni ndo balaa kuna mafundo kila siku hata kama jana usiku nilichana vizuri. Kusuka anakaa siku chache anaanza kulalamika kichwa kinauma, na pembeni kwenye paji naona kama nywele zinapungua na kuna vipele vidogo vidogo kwenye mizizi. Shule yao haina masharti ya nywele so uamuzi ni wetu. Nataka kumkata lakini hataki kunyolewa zote, anasema lazima zionekane. Je kuna mkato ambao asubuhi haumalizi dakika tano na bado nywele zipo?

BabaWawili
Nyoa zote dada usijisumbue. Halafu faida nyingine ukinyoa mara mbili tatu zinakuja kuota laini kuliko za mwanzo, za wangu zilibadilika.

Nywele_Asili
Mimi nilikua na shida hiyo hiyo nikaweka dawa ya kulainisha, sa hivi nachana kwa dakika moja tu, natumia ile ya box nakaa nayo mpaka nikisikia inaanza kuwasha natoa. Jaribu dada utanishukuru

MamaLulu_
@Nywele_Asili asante ila naongelea mtoto, dawa kwa ngozi ya miaka 7 hapana kwa kweli.

Fundi Mkasi
Mama Lulu pole. Mimi nakata nywele na kusuka pia, watoto wa hivi napata wengi.

Kwanza hivo vipele na pembeni kupungua, hiyo ni misuko inavuta. Fungua misuko sasa hivi na usirudishe ya kubana mpaka hapo pembeni pajae, mapema hivi kwa kawaida zinarudi lakini ukiendelea kuvuta kwa muda mrefu kuna sehemu hazitaota tena. Vipele vikiwa na usaha, au ukiona duara lenye magamba na nywele zimekatikia hapo hapo kwenye ngozi, peleka hospitali kwanza kabla ya mkasi, hayo yanaweza kuwa mapunye na mapunye kwa mtoto yanataka dawa ya kumeza, mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi.

Baba Wawili kunyoa hakubadilishi aina ya nywele, mzizi uko chini ya ngozi wembe haufiki. Nywele za mtoto zinabadilika zenyewe anavyokua, ndo maana mtu anadhani ni wembe. Ila uko sawa kwamba fupi ndo jibu, shida ni fupi kiasi gani.

Nywele za kipilipili zinafanya mafundo kwa sababu kila unywele unajikunja na kujifunga na wenzake, na kadri unavyokua mrefu ndivyo ncha inavyozunguka na kuingia kwa jirani. Zikiwa fupi ncha haina pa kwenda. Kwa watoto wengi ninaowakata, mtu akibaki na sentimita 3 mpaka 4 ukiwa umezivuta, chanuo la kila siku halihitajiki, vidole vinatosha. Na bado zinaonekana, ni afro fupi ya mviringo, nzuri sana kwa msichana. Kisogo na pembeni ndo unashusha zaidi kwa sababu pale panasuguana na mto na kola ya shule, mafundo yako yote yanaanzia hapo. Mwambie anayekata apite namba 4 kisogoni, hiyo inaacha kama milimita 13, halafu apandishe taratibu mpaka juu.

Sasa kosa kubwa ni kukata zikiwa mbichi. Zikiwa na maji zinanyooka, unakata unaona bado ndefu, zikikauka zinarudi juu na mtoto analia kwenye kioo. Usiku kabla ya kukata osha, paka kondishona nyingi, achanisha kwa vidole kisha chanuo la meno mapana ukianzia kwenye ncha kwenda kwenye mizizi, sio kinyume. Acha zikauke kabisa, zichambue zisimame, ndo ukate. Mashine ikipita kwenye nywele zilizolala inaruka, inaacha mabaka.

Kisoda88
Fundi yuko sahihi ila mimi namba 4 kisogoni naona fupi mno kwa mtoto wa kike, wangu nilimkatia sawasawa kichwa kizima na hakuna shida

Fundi Mkasi
Inawezekana pia, sawasawa inakubali kama kichwa chake hakina mafundo kisogoni. Wa huyu dada yanayo. Ila naelewa, kama mtoto anaogopa, kata kwa hatua. Leo bakiza sentimita 6 za kuvutwa kichwa kizima, akae nazo wiki ya shule, uone mafundo yanarudi wapi. Pale yanaporudi ndo unapunguza tena. Ukishakata huwezi kurudisha, zinaota kama sentimita moja kwa mwezi tu.

MamaLulu_
Hapo kwenye hatua nimependa sana maana hata yeye atazoea. Na asubuhi nafanyaje hasa? Nikimwagia maji si atapata mafua?

BabaWawili
Usimwagie maji asubuhi, mafuta tu yanatosha.

Fundi Mkasi
Mafuta peke yake juu ya nywele kavu hayalainishi, yanakaa juu yanashika vumbi. Maji ndo yanalainisha, mafuta kidogo baadae yanayazuia yasiondoke. Lakini sio kumwagia, chupa ya kupulizia, mara chache tu mpaka zihisi unyevu mkononi zisidondoke. Paka mafuta kidogo viganjani, zungusha viganja juu ya kichwa kwa mduara mpaka zijiviringe, brashi laini pembeni kama anataka, basi. Chanuo lisionekane asubuhi, lichane siku ya kuosha tu. Usiku kofia ya satini, pamba inanyonya unyevu na inasugua.

Na usikubali wembe kuchonga laini ya kisogo. Nywele hizi zikikatwa karibu sana na ngozi zinaweza kujikunja zikaingia ndani, ndo vile vipele vya shingoni. Mashine isiguse ngozi, na uulize kama imesafishwa kwa dawa kabla ya mtoto wako.

Tausi_K
Mi wa kiume ana 5 yrs, sponji ile ya matundu ya kuzungusha vipi inafaa? Maana kinyozi wetu anaisifia

Fundi Mkasi
@Tausi_K inafaa kwa urefu huo huo wa sentimita 3 hivi, nywele ziwe na unyevu. Kwenye kavu inakata nywele, utaziona zimejaa kwenye sponji. Mimi kwa mtoto naona viganja vinatosha ila wenzangu wengi hawakubaliani nami.

Kisoda88
Sponji naikubali, hazikatiki ukifanya taratibu

MamaLulu_
Nimeongea nae leo, amekubali sentimita 6 kwanza na amesema kisogo akione yeye kwenye kioo kabla hatujamaliza. Misuko nimeshafungua, pembeni bado pekundu kidogo. Fundi swali, nisubiri wekundu uishe ndo nikate au nikate tu?

Fundi Mkasi
Kama ni wekundu tu bila usaha kata, ila pembeni pale tumia mkasi usipitishe mashine, na asifunge bendi yoyote kichwani. Ukiona bado pekundu baada ya wiki mbili tatu muone daktari wa ngozi.