Tupeane uzoefu: Mzee anataka nishike duka la spea, mimi nataka meli

Binti wa Gerezani
Habari za jioni wakuu. Mzee wangu ana duka la spea za Toyota pale Gerezani. Nimekua nikimsaidia kaunta, na kwa miaka ya karibuni hesabu zote ziko mikononi mwangu. Nimemaliza masomo ya unahodha pale chuo cha bahari DMI na nimepata nafasi ya ukadeti melini. Mzee kaniita, kasema hataki kusikia habari za meli, duka ni langu. Nilipobaki kimya akalegeza: nikae miezi 6 tu kwanza, "meli haziishi".

Kinachonitisha ni kwamba jina la biashara lipo kwa NIDA yangu, leseni yangu, TIN yangu, Lipa Namba iko kwenye laini yangu. Hata mkataba wa fremu niliusaini mimi, ingawa kilemba, ile hela ya kuingilia fremu, alitoa mzee. Waliopitia haya au wanaoyafahamu, nakataa vipi bila kumvunja baba, na karatasi nafanyaje?

Mzee wa Tandika
Mwanangu, hizo karatasi zisikutie presha. Jina la biashara ni jina tu. Kila mtu sokoni anajua duka ni la baba yako. Cha msingi umuombe radhi, upige magoti, upande meli yako. Karatasi mtarekebisha ukirudi.

Hesabu Kwanza
Kuhusu radhi uko sahihi mzee wangu, ila hapo kwenye jina naomba nipinge. Jina la biashara si kama kampuni. Halina mwili wake. Deni la duka ni deni la aliyesajiliwa, na TRA au msambazaji akifika hamtafuti anayejulikana sokoni, anamtafuta aliye kwenye cheti. Leo ni binti.

Sasa angalia kitakachotokea akiondoka bila kubadilisha kitu. Mashine ya EFD inaendelea kutoa risiti kwa TIN yake, kwa hiyo kila gasketi inayouzwa inahesabika mauzo yake. Makadirio ya kodi yanadai kila robo, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, kwa jina lake. Siku mashine ikikaa bila kutumika au mtu akiuza bila risiti, mwenye kosa kwenye mfumo ni mtu aliye katikati ya Bahari ya Hindi. TIN haihamishiki kwa mtu mwingine, ya mtu ni moja na ni ya maisha. Akija kuajiriwa, kodi ya mshahara itakatwa kwenye namba hiyohiyo yenye malimbikizo ya duka.

Binti, fuata mpangilio huu, kwa sababu hatua nyingi zinadai karatasi za hatua zilizotangulia. Anza BRELA kwenye mfumo wao wa mtandaoni, ubadilishe mmiliki wa jina la biashara kutoka kwako kwenda kwa mzee. Utahitaji NIDA yake, na hapa ndipo wengi hukwama: jina kwenye kitambulisho halifanani na jina lililo kwenye hati nyingine. Liangalie leo usiku, usingoje siku ya kujaza. Baada ya hapo mwenye nyumba aandike mkataba mpya wa fremu kwa jina la mzee, na ndani yake itajwe kwamba kilemba kilishalipwa. Hicho kipengele usikiache, maana wapo wenye nyumba wanaochukulia mpangaji mpya kuwa ni kilemba kipya. Ukishapata mkataba, mzee asajili biashara kwenye TIN yake mwenyewe. Akishapata kliaransi ya kodi, leseni inaombwa halmashauri kwa jina lake. Mwisho mashine: ya kwako iondolewe kwenye TIN yako, na wakala aliyeidhinishwa amsajilie mzee ya kwake.

Kisha wewe uandike barua TRA kwamba umeacha biashara tarehe fulani, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Bila barua hiyo makadirio yanaendelea kutembea hata kama duka sasa ni la mtu mwingine.

Chuma Chakavu
Mimi yangu ni kinyume. Baba alikataa kunipa duka akampa mdogo wangu. Je, naweza kufungua mirathi nipate haki yangu?

Hesabu Kwanza
Pole sana ndugu, lakini mirathi hufunguliwa mtu akishafariki. Baba akiwa hai mali ni yake, anampa amtakaye. Anzisha mada yako tukuchangie vizuri, hapa tutamchanganya binti.

Kigamboni Ferry
Nizungumzie hiyo "miezi 6 tu kwanza", maana kwa kazi nyingine inawezekana na kwa hii inaumiza.

Kadeti wa sitaha aliyetoka kwenye programu iliyoidhinishwa anatakiwa awe na angalau miezi 12 ya kukaa melini, yenye kumbukumbu kwenye daftari la mafunzo, ndipo aombe cheti cha ofisa. Asiye na programu hiyo anadaiwa miezi 36. Miezi 12 mara nyingi haipatikani kwa mkataba mmoja, kwa hiyo anashuka na kutafuta meli tena. Kampuni ikikupa nafasi na ukasema "nakuja baada ya nusu mwaka", haikuwekei kiti. Inampa anayefuata kwenye orodha.

Pia cheti cha afya ya baharia kina ukomo wa miaka 2 tangu siku kilipotolewa, si tangu siku uliyopanda meli. Kama umeshapima, miezi 6 ya kaunta imekula robo yake. Na kampuni nyingi hazikubali cheti kitakachoisha ukiwa safarini.

Mzee aonyeshwe hilo daftari la mafunzo kwa macho yake. Mfungulie kurasa zenye orodha ya kazi, na mahali ofisa anapotia saini mbele ya kila kazi: kupima nafasi ya meli kwa nyota, zamu ya usiku, kufunga kamba bandarini. Baba mfanyabiashara anaelewa daftari. Ataona mwenyewe kuwa hakuna ukurasa unaojazwa ukiwa Gerezani.

Shangazi Magomeni
Nyote mmeongea ya karatasi, na mzee bado hajaambiwa "hapana". Anayekaa kimya, kwa baba wa Kiswahili, amekubali. Mwanangu, kila siku unayochelewa yeye anamtangazia jirani wa fremu kwamba binti anarudi.

Usimwambie dukani. Pale kuna mafundi, kuna wateja, akijisikia ameangushwa mbele ya watu atakaza. Mwambie nyumbani, Jumapili, ameshakula. Mtangulize mtu anayeheshimiwa na baba, baba yako mdogo au shangazi yako, aende siku moja kabla akaandae njia. Si kwenda kukusemea. Neno lenyewe liseme wewe. Mama usimfanye mjumbe, maana mzee akikasirika atamkasirikia yeye, na wewe utakuwa umeshaondoka.

Na usianze na meli. Anza na duka: "Baba, shikamoo. Nimekuja kuongea habari ya duka. Mimi sitaweza kulishika. Nimeandika kila ninachokifanya pale na nani atakifanya." Akiona hujamwachia shimo, hasira inapungua nusu. Wazazi wengi hapo hawaogopi kukosa mrithi, wanaogopa mwezi ujao nani ataagiza mzigo Dubai.

Lakini mimi ningemwambia kwanza, ndipo niguse karatasi. Ukimpelekea fomu za BRELA kabla ya maneno, atasema umemtupia mzigo.

Hesabu Kwanza
Shangazi, hapo tutofautiane kidogo. Akisema kabla hajakusanya hata nakala, mzee akikasirika anaweza kufungia faili kabatini na hakuna kitakachobadilishwa. Akusanye nakala za vyeti vyake kimyakimya, ni vyake, halafu aongee. Kubadilisha ndiyo asubiri.

Shangazi Magomeni
Nakala sawa. Ila hilo neno kimyakimya silipendi.

Msimbazi Jumla
Hamjagusa mali kauli, na ndiyo inayogombanisha watu. Duka la spea halina wateja wa taslimu peke yake. Mafundi wa gereji wanachukua bushi, pedi za breki na fani belti kwa daftari, wanalipa mwenye gari akilipa. Daftari hilo anayelielewa ni binti. Akiondoka, nusu yao watasema "nilimlipa mwenyewe kabla hajasafiri".

Ikiwezekana mpigie kila mdaiwa simu mzee akiwa amekaa hapo, sauti ikiwa wazi: "Fundi, kwangu naona 85,000, ni sahihi?" Akikubali, mzee anaandika kwa mkono wake mwenyewe. Anayebisha, mnamaliza hapohapo wakati wewe upo. Kazi hiyo usiifanye kwa ujumbe wa simu, mtu atakwambia hakuuona.

Kisha hesabuni mali. Fungeni Jumapili, watu wawili kila rafu, mmoja anahesabu mwingine anaandika: kilichoandikwa kitabuni, kilichopo rafuni, tofauti. Spea ndogondogo kama klipu na nati hesabuni kwa boksi, msizimalizie siku. Pale tofauti ilipo kubwa, angalieni kwanza kama kitu kimeandikwa kwa majina mawili, mfano "shokapu ya mbele" na "shoku Noah". Mara nyingi hakuna wizi, ni maandishi. Mwisho mzee atie saini na wewe utie. Karatasi hiyo ni kinga yako siku mtu akisema binti aliondoka na mtaji.

Kuhusu Lipa Namba: usiache laini yako dukani. Ina jina lako, na namba za siri za benki zinaingia humo. Ya duka ifunguliwe mpya kwa karatasi za mzee, stika ya zamani ibanduliwe siku hiyohiyo. Wapo mafundi watakaoendelea kutuma kwenye namba ya zamani kwa mazoea, kwa hiyo kila jioni uipeleke hela kwa mzee na mwandikiane, mpaka utakapoifunga.

Mzee wa Tandika
Haya, kwenye jina mmenielimisha. Swali langu: si bora wafungue kampuni, binti abaki mkurugenzi tu? Kampuni ikidaiwa, mkurugenzi hadaiwi.

Hesabu Kwanza
Kwa kiasi kikubwa ni kweli mzee wangu, mpaka benki iingie. Mikopo mingi ya kampuni ndogo, benki inawataka wakurugenzi wasaini udhamini binafsi. Ukishasaini, hata ukijiuzulu ukurugenzi udhamini unabaki mpaka benki yenyewe ikuachie kwa maandishi. Na mkurugenzi aliye melini anasubiriwa kila barua inapohitaji saini. Kubaki na hisa bila ukurugenzi ni jambo la kujadiliwa, lina faida yake kifamilia. Mimi sina jibu moja hapo.

Binti wa Gerezani
Asanteni sana wakubwa zangu. Nimeangalia NIDA ya mzee: kitambulisho kina majina matatu, pasi yake ina mawili. Baba mdogo nimeshamwomba, anakwenda Jumamosi. Mkataba wa fremu unaisha Desemba, je, nisubiri uishe au nimfuate mwenye nyumba sasa?

Msimbazi Jumla
Mfuate sasa, na uende na mzee. Ukisubiri uishe, hapo ndipo atakapokuwa na nguvu ya kutaja kilemba.