Shamba la pembe nne zisizolingana: urea ya kukuzia niweke kilo ngapi?

Chipukizi

Wakuu, shikamooni. Naomba mnisaidie hesabu kabla sijafungua mfuko. Nina kipande cha mahindi chenye pande nne, hakuna upande unaolingana na mwenzake. Nimepima kwa futikamba nikizunguka: 62, 48, 71 na 40, zote mita. Upande wa 71 unapakana na kijito.

Nilichofanya: nikachukua wastani wa 62 na 71, nikapata 66.5. Wastani wa 48 na 40 ni 44. Nikazidisha, nikapata mita za mraba 2,926, yaani kama hekta 0.29. Majibu ya udongo yameandika nitie kilo 60 za N kwa hekta wakati wa kukuzia. Kwa hiyo 0.29 mara 60 nimepata kilo 17 na ushee. Mahindi yameshafika magotini. Niko sawa?

Jembe Jipya

Hapo kuna kosa moja kubwa. Hiyo 60 ni kilo za naitrojeni, siyo kilo za urea. Urea ina naitrojeni asilimia 46 tu, mfuko wenyewe umeandikwa 46-0-0. Ukiweka kilo 17 za urea, mahindi yatapata naitrojeni kilo 8 hivi, chini ya nusu ya ulichoambiwa. Chukua 17.5 ugawe kwa 0.46, unapata kilo 38. Weka hizo 38, kazi imeisha.

Mzee wa Mistari

Marahaba Chipukizi. Jembe Jipya amekuweka sawa kwenye naitrojeni, lakini kilo 38 amezijenga juu ya eneo lisilo sahihi.

Pande nne peke yake haziwezi kukupa eneo. Chukua vijiti vinne, uvifunge ncha kwa ncha kwa uzi, kisha usukume kona moja. Umbo linalala, eneo linapungua, lakini vijiti ni vilevile na urefu wake haujabadilika hata kidogo. Njia ya wastani mara wastani inahesabu kana kwamba kona zote zimesimama wima. Kona zikilala, jibu linazidi, na halipungui kamwe. Wengi wanaotumia njia hiyo wanamwaga mbolea ya shamba ambalo hawana.

Rudi shambani upime ulalo, yaani kutoka kona moja moja kwa moja hadi kona inayotazamana nayo. Ukiweza pima zote mbili. Halafu niambie upande wa kijito umepimaje: umefuata ukingo, au umevuta kamba moja kwa moja?

Mama wa Bonde

Mimi nikupe yaliyonikuta. Mwaka niliolima mara ya kwanza niliambiwa kilo 130 za urea kwa hekta. Shamba langu ni ekari moja kamili. Nikachukua 130 zote nikazimaliza humo humo. Hekta ni karibu ekari mbili na nusu, kwa hiyo nilitakiwa nitie kama kilo 53. Siku chache baadaye majani ya chini yakaanza kukauka kingo na ncha, mvua nayo ikagoma. Tangu hapo nikipewa namba yoyote, kabla ya lolote nauliza ni ya hekta au ya ekari.

Na usipime tena, pakua programu ya simu uzunguke nayo shamba. Itakupa eneo bila jasho.

Mzee wa Mistari

Mama, kwa shamba la ekari kumi nakubaliana nawe. Kwa kipande hiki simu itamsumbua. Simu ikikosea mita 3 tu kwenye ule upande wa mita 71, hizo ni mita za mraba 213, karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya kipande chote. Azunguke mara mbili aone kama atapata namba ileile.

Chipukizi

Nimetoka shambani sasa hivi. Naomba tuziite kona A, B, C na D. A hadi B ni 62, B hadi C ni 48, C hadi D ni 71 upande wa kijito, D hadi A ni 40. Ulalo wa A hadi C ni 94, na wa B hadi D ni 62.

Upande wa kijito nilivuta kamba moja kwa moja kutoka kigingi hadi kigingi, ila katikati kamba inapita juu ya maji. Kijito kimekula shamba kwa ndani.

Mzee wa Mistari

Vizuri sana, hapo tuna shamba kamili. Ulalo wa A hadi C umekupa pembetatu mbili. Pembetatu ukijua pande zake tatu huhitaji kujua pembe yoyote:

```
s = (a + b + c) / 2
eneo = √( s × (s − a) × (s − b) × (s − c) )
```

Pembetatu ya kwanza ina pande 62, 48 na 94. s ni 102, kwa hiyo unazidisha 102 × 40 × 54 × 8, kisha unatafuta kipeuo cha pili: mita za mraba 1,328. Ya pili ina pande 71, 40 na 94. s ni 102.5, nayo inatoa 1,310. Jumla ni kama 2,637.

Nimerudia kwa ulalo ule mwingine wa 62 nikapata 2,636. Hiyo ndiyo faida ya kupima zote mbili. Zingetofautiana kwa mamia ningekurudisha shambani, maana ingekuwa kamba imelegea mahali au namba moja imeandikwa vibaya.

Ona sasa, hesabu yako ya kwanza ilizidi kwa karibu mita za mraba 290, na bado hatujatoa kijito. Hapo vuta tena kamba kutoka C hadi D. Kila mita 10 simama, upime kutoka kwenye kamba kuingia shambani hadi ukingo wa maji, kwa mstari unaosimama wima juu ya kamba. Andika namba hizo tu.

Chipukizi

Kuanzia C: 0, 2, 4, 6, 5, 4, 2, na kwenye mita 70 ni 0.

Jembe Jipya

Hiyo naiweza. Jumla ni 23, mara 10 ni mita za mraba 230. Toa kwenye 2,637 unabaki na 2,407, yaani hekta 0.24. Mara 60 ni naitrojeni kilo 14.4, gawa kwa 0.46 unapata urea kilo 31.4. Nakiri kilo 38 zangu zingezidi.

Mpenda Samadi

Kwani samadi imekatazwa? Mimi kwenye mahindi natumia ya kuku iliyooza vizuri, wala sihangaiki na kilo.

Mzee wa Mistari

Samadi haikatazwi, ila yeye anauliza kiasi cha urea aliyo nayo. Na kama aliweka samadi kabla ya kupanda, aseme, maana nayo ina naitrojeni.

Jembe Jipya, hesabu yako sahihi. Chipukizi, nakupa njia ya pili ya kuihakiki, kwa sababu mahindi tayari yako ardhini. Umepanda kwa nafasi gani?

Chipukizi

Sikuweka samadi. Mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo 50, mimea miwili kila shimo. Mistari inakwenda sambamba na upande wa A na B.

Mzee wa Mistari

Basi sahau umbo la shamba kwa dakika moja. Kilo 60 za naitrojeni kwa hekta ni urea kilo 130, na hekta ni mita za mraba 10,000. Hiyo ni gramu 13 kwa kila mita ya mraba. Mstari wako mmoja unamiliki upana wa mita 0.75, kwa hiyo kila mita ya mstari inakula gramu 9.8. Mstari mrefu unapata nyingi, mfupi uliokatwa na kijito unapata chache, na huhitaji kujua pembe wala ulalo. Pima urefu wa kila mstari, ujumlishe, uone kama kilo zinakaribiana na zile 31.4.

Kwa shimo moja ni gramu 4.9. Usiamini mtu akikwambia kisoda ni gramu kadhaa, kwa sababu kinategemea chembe za mbolea na mkono wako. Jaza visoda 20 vya urea kwa usawa, upime vyote pamoja, ugawe kwa 20.

Chipukizi

Mistari iko 52, jumla mita 3,110. Mara 9.8 napata kilo 30.5. Imepungua kilo moja hivi, nadhani ni kingo ambako sikupanda. Visoda 20 vimetoa gramu 92, kwa hiyo kimoja ni 4.6.

Mzee wa Mistari

Shika hiyo 30.5, ndiyo ya mimea iliyopo. Ushauri wangu ni kuigawa mara mbili: nusu sasa, nusu mahindi yanapokaribia kutoa mbelewele, udongo ukiwa na unyevu. Chimba kishimo sentimita 5 hivi kutoka kwenye shina, weka, fukia. Urea ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu bila kufukiwa, sehemu yake inapotea hewani.

Jembe Jipya

Mimi huweka yote mara moja, sijaona tofauti.

Mzee wa Mistari

Udongo wa mfinyanzi unaweza kukuvumilia. Wa kichanga, mvua kubwa ikija naitrojeni inashuka chini ya mizizi. Yeye yuko kando ya kijito, mimi nisingethubutu.

Mama wa Bonde

Kando ya kijito mimi nisingetia kabisa. Acha ukanda usio na mbolea, inaishia kwenye maji ya watu.

Chipukizi

Mrejesho. Leo nimeanza na mstari wa kwanza wa mita 62. Kwa nusu ya kwanza ulitakiwa kula gramu 304, hivyo nikapima urea kwenye ndoo kabla na baada. Nimetumia 390. Nusu kisoda yangu ilikuwa na kilima juu, na kila nikichota kinaongezeka. Kwa mwendo ule kilo zangu 15 zingeisha kwenye mstari wa 39, na mistari 13 ya upande wa kijito isingepata kitu. Nimekiwekea kisoda alama ya rangi ndani, nakipiga kwa kidole kisawazike. Mstari wa pili umekula 310.

Swali lililobaki ni la Mama: huo ukanda kando ya maji niuache upana gani?

Mama wa Bonde

Mimi naacha hatua tano.

Mzee wa Mistari

Sehemu nyingine kuna sheria inayotaja upana huo, kwa hiyo uliza hapo ulipo kwanza. Ukishaujua, pima urefu wa mistari iliyo ndani ya ukanda, zidisha kwa 9.8 upate gramu, zigeuze kuwa kilo, utoe kwenye 30.5. Usiichukue mbolea hiyo ukaimwaga kwenye mistari mingine.

Chipukizi

Nimeelewa. Mistari ya kijito nimeiacha kwanza, kesho naulizia.